Kikaratasi Ndani ya Boksi la Diklofenaki

Ukifungua boksi la diklofenaki utakuta kikaratasi kilichokunjwa mara nyingi, chenye maandishi madogo kuliko ya gazeti, na mara nyingi kwa Kiingereza kitupu. Chini ya kichwa cha tahadhari pana sentensi moja iliyobeba hatari ambayo kila mtumiaji wa dawa hii anapaswa kuijua. Ikigeuzwa ilivyo, inasomeka hivi: "Kutokwa damu, vidonda au kutoboka kwa njia ya mmeng'enyo wa chakula, ambako kunaweza kusababisha kifo, kumeripotiwa kwa dawa zote za kundi hili wakati wowote wa matibabu, pakiwa na dalili za awali au pasipo dalili, na kwa wagonjwa wasio na historia ya matatizo makubwa ya tumbo."

Sura hii inahusu sentensi hiyo zaidi ya kitu kingine chochote. Swali ni namna ya kuiandika upya ili ieleweke na mtu aliyeishia darasa la saba, anayesoma kwa mwanga hafifu huku goti likimuuma, bila kuipunguza hatari hata kidogo. Nimeichagua diklofenaki kwa sababu haina ugeni kwa mtu. Ni dawa ya mgongo, ya magoti, ya jino, ya maumivu ya hedhi. Huuzwa kwa vidonge vya kuhesabia dirishani, mara nyingi bila boksi wala kikaratasi, na huombwa kwa sindano na watu wanaoamini kwamba sindano ndiyo tiba yenyewe. Dawa iliyozoeleka hivi ndiyo yenye onyo gumu kuandika, kwa kuwa msomaji anafika kwenye karatasi akiwa ameshaamua kwamba haina neno.

Jaribio la kwanza, ambalo mtu mwema yeyote angeliandika, huwa namna hii: "Dawa hii inaweza kusumbua tumbo. Kula kwanza kabla ya kumeza. Ukisikia maumivu ya tumbo, acha dawa na umwone daktari."

Inasomeka vizuri. Ni fupi, haina neno gumu, na hakuna sentensi ndani yake unayoweza kuiita uongo. Hata hivyo ni maandishi ya hatari, na inafaa tuyachambue taratibu, kwa kuwa makosa yake ndiyo yanayojirudia karibu kila mahali onyo la dawa linaporahisishwa.

Kwanza, kifo kimetoweka. Damu nayo imetoweka. "Kusumbua tumbo" ni maneno ambayo mtu huyatumia kwa maharage yasiyoiva. Msomaji atajiandaa kwa kiungulia, na kiungulia atakivumilia, maana goti linauma zaidi.

Pili, hatari imefungwa kwenye maumivu. Karatasi ya mwanzo ilisema waziwazi kwamba damu inaweza kutoka bila dalili yoyote ya awali. Maandishi mapya yanasema: ukisikia maumivu. Msomaji makini atahitimisha, na atakuwa na haki ya kuhitimisha, kwamba asiposikia maumivu yuko salama. Hapo maandishi yamemfundisha kitu ambacho si kweli bila kutamka hata neno moja la uongo. Na hili ndilo linalouma zaidi, kwa kuwa vidonda vinavyoletwa na dawa za kundi hili mara nyingi havitangulizwi na maumivu. Wapo wanaofikishwa hospitali kwa kizunguzungu na choo cheusi, nao hawajawahi kulalamikia tumbo maishani mwao.

Tatu, "kula kwanza" kumepewa kazi kusiyoiweza. Ili uone ni kwa nini, itabidi tuingie tumboni kidogo.

Tumbo hutengeneza tindikali kali ya kusaga chakula, na linajilinda na tindikali hiyo kwa ute mzito unaotanda juu ya ukuta wake wa ndani na kwa damu inayopita humo kwa wingi ili kuutengeneza upya. Kazi hiyo ya ulinzi husimamiwa na kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini. Kemikali za kundi hilohilo ndizo zinazoleta uvimbe na maumivu kwenye goti lililochakaa. Diklofenaki huzuia mwili kuzitengeneza, lakini haina uwezo wa kuchagua goti na kuacha tumbo. Ikishaingia kwenye damu inafika pote, na ulinzi wa tumbo unapungua. Chakula kinaweza kupunguza kichefuchefu na ule mwasho wa kidonge kinapogusa ukuta wa tumbo. Kupungua kwa prostaglandini kunakoletwa na dawa iliyomo kwenye damu hakuguswi na ugali wala uji. Kwa sababu hiyohiyo, sindano haikwepi tumbo, na wala kidonge cha kuingiza kwenye njia ya haja kubwa hakikwepi. Dawa ya kupaka ni jambo tofauti, kwa sababu ni sehemu ndogo tu ya dawa inayopenya ngozi na kuingia kwenye damu.

Mwandishi asiyejua kiini hicho ataandika "kula kwanza" akidhani ametoa kinga. Ndiyo maana sipendi kazi hii ipewe mtu wa lugha peke yake, wala mfamasia peke yake. Mmoja anajua msomaji atasikia nini, mwingine anajua ni neno lipi halipaswi kudondoka, na wakikaa meza moja ndipo maandishi hukaa sawa.

Haya sasa ni maandishi ninayoyapendekeza mahali pa yale ya kwanza:

"Dawa hii inaweza kutoboa tumbo, au kulifanya litoe damu kwa ndani, na mtu anaweza kufa. Hilo linaweza kutokea siku yoyote ukiwa unatumia dawa, hata kama hujawahi kuumwa vidonda vya tumbo, na hata kama husikii maumivu yoyote. Kula kabla ya kumeza hakuondoi hatari hii. Kuchomwa sindano badala ya kumeza hakuiondoi pia.

Acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo, iwe usiku au mchana, ukiona hata kimoja kati ya hivi: choo cheusi kama lami, kinachonata na chenye harufu kali, damu kwenye choo, matapishi yenye damu, au yenye chembe nyeusi kama unga wa kahawa, maumivu makali ya tumbo yanayoanza ghafla, kizunguzungu au kuishiwa nguvu ghafla. Usisubiri maumivu. Kama zahanati ndiyo iliyo karibu, nenda hapo na uwaambie: natumia diklofenaki na nimeona hivi. Unaweza kuhitaji rufaa ya haraka kwenda hospitali inayoweza kuongeza damu."

Ni marefu kuliko yale ya mwanzo, na wako watakaosema urefu ni kinyume cha urahisi. Sikubaliani nao. Sentensi ya kitaalamu ilikuwa fupi kwa sababu ilimwachia daktari ajaze mwenyewe yaliyobaki: damu ya tumboni inaonekanaje, inahitaji haraka gani, inatibiwa wapi. Mama anayeuza mboga hana cha kujazia. Tukimwambia "damu inaweza kutoka kwenye njia ya chakula" bila kumwambia kwamba damu hiyo, ikishapita tumboni na kwenye utumbo, hutoka nyeusi, atakuwa anatafuta wekundu na hatauona.

Kuna ugumu mmoja hapa. Vidonge vya madini ya chuma, vile ambavyo wajawazito na watu wenye upungufu wa damu hupewa na ambavyo wengi huviita vidonge vya damu, navyo hugeuza choo kuwa cheusi. Choo cha namna hiyo kwa kawaida hakinati kama lami wala hakina harufu ile kali, lakini simshauri mtu aketi nyumbani akilinganisha. Ningeongeza mstari mmoja: "Hata kama unameza vidonge vya damu, ukiona choo cheusi ukiwa unatumia diklofenaki, nenda ukapimwe." Safari moja isiyo ya lazima ni bora kuliko kutokwenda.

Angalia pia mpangilio wa maneno. "Hata kama hujawahi kuumwa vidonda vya tumbo" imekaa mwanzoni, kabla ya orodha yoyote ya walio hatarini zaidi. Orodha hiyo ni muhimu na lazima iwepo: wazee, aliyewahi kuwa na vidonda au kutapika damu, anayemeza aspirini ndogo ya moyo, anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda au prednisoloni, mnywaji wa pombe nyingi. Lakini ukiitanguliza, msomaji wa miaka 35 asiye na lolote kati ya hayo atajiondoa na kuacha kusoma. Mwambie kwanza kwamba onyo ni lake, kisha mwambie ni akina nani ambao kwao ni zito zaidi.

Neno "kufa" na hofu ya wauzaji

Kila mara neno "kufa" linapoandikwa kwenye rasimu, kuna mtu mezani anayetaka liondolewe. Hoja yake ni kwamba watu wataogopa na kuacha dawa. Ni hoja inayostahili jibu la kweli, na jibu linategemea ni dawa gani.

Diklofenaki hutuliza maumivu na uvimbe. Mtu akisoma onyo, akaogopa, akaamua kuuliza kama parasetamoli au dawa ya kupaka ingemtosha, hakupoteza kitu kikubwa. Huenda akabaki na maumivu kiasi, na hilo si dogo kwa mwenye kuumwa, lakini ameamua akijua. Dawa za kifafa, za kifua kikuu na za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi ziko upande mwingine kabisa, kwa sababu kuziacha ghafla kunaweza kumwangamiza mtu. Kwa dawa hizo onyo la madhara lazima liambatane, katika aya ileile, na onyo la kuacha: "Usiache dawa kwa uamuzi wako. Kuacha kuna hatari hii na hii. Ukiona dalili hizi, nenda kituoni leo." Hata huko, neno zito halifutwi. Linawekewa jirani yake.

Ninachokataa ni ile njia ya kati inayopendwa sana, ya kubadilisha "kifo" kuwa "madhara makubwa." Madhara makubwa ni yapi? Kwa mwingine ni kuharisha siku mbili. Karatasi ya mwanzo haikusema madhara makubwa. Ilisema kifo, na aliyeirahisisha hana mamlaka ya kukiondoa.

Ila neno "kufa" likiachwa peke yake linamtendea msomaji isivyo haki pia, kwa sababu halimwambii ni mara ngapi. Hapo ndipo tunapohitaji namba.

Vikaratasi vingi huainisha madhara kwa maneno: ya kawaida sana, ya kawaida, yasiyo ya kawaida, ya nadra, ya nadra sana. Wataalamu wana tafsiri kamili ya kila neno. "Ya kawaida" maana yake ni kuanzia mtu 1 katika 100 hadi chini ya mtu 1 katika 10. "Ya nadra" ni kuanzia mtu 1 katika 10,000 hadi chini ya mtu 1 katika 1000. Msomaji wa kawaida hana jedwali hilo kichwani. Akisoma "ya kawaida" anafikiri karibu kila mtu hupatwa, na akisoma "nadra" kila mmoja anasikia lake. Utafiti wa Uingereza ulionyesha hivyo mara kadhaa: watu hukisia ukubwa unaozidi mno ule uliokusudiwa. Kwa hiyo andika namba yenyewe, na iandike kwa kuhesabu watu, kwani asilimia ni ngumu kuiona machoni.

Kwa diklofenaki, vikaratasi huweka damu ya tumboni kwenye kundi la nadra. Tungeandika: "Hutokea kwa chini ya mtu 1 katika kila watu 1000 wanaotumia dawa hii." Lakini namba hiyo imechanganya vijana waliomeza siku tatu kwa ajili ya jino na wazee waliomeza miezi sita kwa ajili ya nyonga. Kwa hiyo haiwezi kusimama peke yake, na mstari wa pili ni wa lazima: "Kwa wazee, kwa wanaotumia muda mrefu au kipimo kikubwa, na kwa waliowahi kuwa na vidonda, hutokea mara nyingi zaidi ya hapo."

Moyo ni mfano mzuri zaidi, kwa kuwa tuna hesabu iliyofanywa kwa uangalifu. Mwaka 2013 jarida la Lanseti lilichapisha uchambuzi uliokusanya mamia ya majaribio ya dawa za kundi hili. Kwa diklofenaki ya kipimo kikubwa, yaani miligramu 150 kwa siku, ambavyo ni vidonge vitatu vya miligramu 50, hatari ya matatizo makubwa ya moyo na mishipa iliongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Uchambuzi huohuo ulisema jambo lilelile kwa namna nyingine: watu 1000 wakitumia kipimo hicho mwaka mzima, watatu zaidi watapatwa na tatizo kubwa la moyo au mishipa ambalo wasingelipata, na mmoja kati ya hao watatu atakufa.

Kauli zote mbili ni za kweli. Ya kwanza, ikisimama peke yake, haimwambii msomaji theluthi ya nini. Uingereza iliwahi kuona matokeo ya kauli ya namna hiyo mwaka 1995, wanawake walipotangaziwa kwamba vidonge fulani vya uzazi wa mpango huongeza karibu mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Mara mbili hiyo ilikuwa kutoka kama mwanamke 1 katika 7000 hadi 2 katika 7000. Wengi waliacha vidonge kwa hofu, na mimba zisizotarajiwa pamoja na utoaji mimba viliongezeka mwaka uliofuata. Ujauzito wenyewe, kwa bahati mbaya, huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vile vidonge.

Basi kauli ya pili ndiyo ya kuandika. Lakini hata yenyewe ina mtego, nao una herufi mbili: "tu." Ukiandika "ni watu watatu tu katika 1000," umeshamwamulia msomaji. Mtu mwenye baba aliyekufa kwa moyo hataona kwamba watatu ni "tu." Mpe namba, mpe kipimo na muda wake, umwache apime mwenyewe. Na kwa wale ambao kwao hakuna cha kupima, sema bila namba. Mwaka huohuo wa 2013, baada ya kupitia ushahidi huo, Shirika la Dawa la Ulaya lilipendekeza diklofenaki isitumiwe kabisa na wenye moyo ulioshindwa kazi, wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, waliopata kiharusi, na wenye mishipa ya miguu iliyoziba. Kwa Kiswahili cha nyumbani: "Usitumie dawa hii kama moyo wako uliwahi kushambuliwa ghafla, kama daktari alikuambia moyo wako ni dhaifu au umetanuka, kama uliwahi kupata kiharusi, au kama mishipa ya damu ya miguu yako imeziba." Hapo neno ni "usitumie." Si "tumia kwa uangalifu," wala si "shauriana na daktari kabla," maneno ambayo msomaji huyaona kuwa ni ruhusa yenye adabu.

Mama mwenye presha

Tuchukue mtu mmoja tumfuate. Mama wa miaka 62, ana presha, kliniki wamempa losartani na haidroklorothiazidi. Hana tatizo la moyo analolijua. Magoti yanamsumbua, jirani anamwambia anunue diklofenaki, naye ananunua vidonge vya wiki mbili. Kikaratasi, kama angepewa, kingemwambia: "Tahadhari inahitajika inapotumiwa pamoja na vizuizi vya anjiotensini na dawa za kuongeza mkojo, kwa kuwa utendaji wa figo unaweza kuathirika."

Mama huyu hajui kwamba anatumia kizuizi cha anjiotensini. Anajua anatumia dawa ya presha. Kwa hiyo kosa la kwanza la sentensi hiyo ni kuitaja dawa kwa jina la ukoo wake wa kitaalamu. Taja majina yanayosomeka kwenye pakiti yake: losartani, enalaprili, lisinoprili, kaptoprili, haidroklorothiazidi, furosemidi. Kosa la pili ni "utendaji wa figo unaweza kuathirika," ambalo halisemi lolote. Kinachotokea ni hiki: dawa hizi mbili za presha na diklofenaki, kila moja kwa njia yake, hupunguza nguvu ya damu inayochujwa kwenye figo. Zikikutana tatu, na hasa mtu akiharisha, akitapika au akikaa juani bila maji, figo zinaweza kusimama ndani ya siku chache. Juu ya hayo, diklofenaki hupunguza nguvu ya dawa ya presha, na presha inapanda wakati mama anaendelea kumeza dawa zake vizuri.

Andika hivyo: "Kama unatumia dawa ya presha, usinunue diklofenaki kabla ya kumwonyesha mfamasia au daktari pakiti ya dawa zako. Pamoja na losartani, enalaprili, lisinoprili au kaptoprili, hasa ukiongeza dawa ya kukojoza, diklofenaki inaweza kuziharibu figo ghafla na kupandisha presha. Ukianza kukojoa kidogo kuliko kawaida, au miguu na uso vikivimba, acha diklofenaki na uende hospitali siku hiyohiyo. Dawa ya presha usiiache kwa uamuzi wako. Waonyeshe hospitalini, wao watakuambia." Kitenzi ni "kumwonyesha pakiti," kwa sababu tukimwambia ataje majina atakosea, na hakuna aibu katika hilo.

Wajawazito wanahitaji mstari wao wenyewe, na hapa tatizo ni hesabu. Vikaratasi husema "muhula wa tatu." Sema: "Usitumie kabisa ukiwa na mimba ya miezi sita au zaidi. Inaweza kufunga kabla ya wakati mshipa muhimu karibu na moyo wa mtoto, na kuharibu figo zake. Kuanzia katikati ya mwezi wa tano, usitumie ila daktari anayejua mimba yako ameamua hivyo."

Na pumu: maneno ya "hisia kali dhidi ya dawa" hayamfikii mtu. Yanayomfikia ni haya: "Kama aspirini, ibuprofeni au diklofenaki iliwahi kukubana kifua, kukuvimbisha uso au kukutoa vipele, usitumie dawa hii hata mara moja."

Kupima maandishi

Mwandishi akimaliza huamini kwamba ameeleweka. Imani hiyo haina thamani mpaka apimwe, na njia ya kumpima ipo. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2004, Umoja wa Ulaya hudai kila kikaratasi kipitishwe kwa watu wa kawaida kabla ya dawa kuruhusiwa sokoni. Utaratibu unaotumika sana, ambao mizizi yake iko Australia kwenye kazi ya David Sless na wenzake, hauhitaji fedha nyingi. Unawakalisha watu mmoja mmoja, jumla ishirini, kwa awamu mbili za watu kumi, ukiwapa karatasi na maswali. Kwa kila swali, watu wasiopungua 16 kati ya 20 waweze kuipata sehemu yenye jibu na kulieleza kwa maneno yao.

Swali ndilo lenye kazi yote. Ukimuuliza mtu "umeelewa?" atasema ndiyo, kwa heshima. Ukimuuliza "dawa hii ina madhara gani?" atakusomea. Uliza jambo litakalomlazimisha kuamua: "Bibi, umetumia dawa hii siku nne. Goti limepoa, tumbo haliumi. Asubuhi ya leo umeona choo ni cheusi kama lami. Utafanya nini?"

Msikilize anavyojibu. Akisema, "Nitaacha kunywa chai ya rangi nione kesho," maandishi yameshindwa hata kama alisoma kila neno. Akisema, "Nitamwambia mwanangu anipeleke hospitali jioni akirudi kazini," umekaribia, na unajua ni wapi pa kurekebisha: "siku hiyohiyo" haijawa na uzito wa kutosha, pengine iwe "mara moja, usisubiri mtu kurudi." Akisema, "Lakini tumbo haliumi, kwa nini niende?" basi maneno "hata kama husikii maumivu" yamekaa mahali ambapo jicho limeyaruka, na yahamishiwe kwenye mstari wa dalili zenyewe. Rekebisha, kisha wape watu kumi wengine ambao hawajaiona karatasi ya kwanza.

Asiyejua kusoma naye ni mteja wa diklofenaki, tena wengi wao hupewa vidonge kwenye bahasha ndogo ya karatasi. Maandishi yaliyopita mtihani huu yana faida moja zaidi, kwamba yanaweza kusomwa kwa sauti dirishani kwa muda usiozidi dakika mbili. Muuzaji wa duka la dawa asiyekuwa na dakika hizo anaweza kusoma aya moja, na aya hiyo iwe ile ya choo cheusi.

Kiwango cha 16 kati ya 20 kinafaa kwa swali la mahali pa kuhifadhi dawa, na kwa swali la nini cha kufanya ukisahau kumeza. Kwa swali la damu ya tumboni nakiona ni kidogo. Wanne walioshindwa kujibu hilo ndio watakaobaki nyumbani, na karatasi iliyowaacha nyumbani irudishwe mezani kabla ya kwenda kiwandani kuchapwa.